Usiuze telefone ya zamani kabla kode za akiba hazijaandikwa kwenye karatasi

Mwezi wa kumi na mbili, gratifikasio ikiingia, watu wengi wa mina wanabadilisha telefone. Ni haki yao, wametoka jasho mwaka muzima. Lakini mwezi wa kwanza ukifika, kwenye sendika tunaanza kusikia kilio kile kile: «Imeli imekataa kufunguka. Neno la siri niko nalo, lakini wananiomba kode, na kode inaenda kwenye telefone ile niliuza.» Ndugu zangu watumishi, mimi nasema hivi: kosa haliko kwenye telefone mupya, wala kwenye ule ulinzi wa hatua mbili. Kosa ni kwamba fungulo la pili liliwekwa mahali pamoja tu, na mahali pale pameuzwa sokoni.

Nataka kuzungumuza juu ya imeli za delegasio zetu. Nitachukua Gmail kama mufano, kwa sababu njo ile karibu delegasio zote ninazozijua wanatumia. Kamati inafungula imeli moja ya bure, watu watatu wanajua neno la siri, na mule ndani kunaingia kila kitu: prosevebali za mikutano, konvansio kolektivu, fishi za malipo za watu wanaolalamika, liste ya wanamemba, barua za kwenda kwa Ispekta wa kazi. Mutu akiingia mule bila ruhusa, anasoma jina la kila mutumishi aliyelalamika juu ya shefu wake. Na sisi tukifungiwa inje, tunaenda kwenye mazungumuzo na mwajiri mikono mitupu. Hatari iko pande mbili, na watu wengi wanaona upande moya tu.

Tuanze na ule ulinzi wenyewe. Neno la siri peke yake ni kadena moja kwenye mulango. Kwenye delegasio, neno lile linazunguka: limeandikwa nyuma ya kaye, limetumwa kwa mesaji, limechapwa kwenye ordinateri ya siber kafe. Siku ingine mutu anapata imeli yenye kusema «konti yenu itafungwa, bonyeza hapa», anabonyeza, anaona ukurasa unaofanana na wa Google, anaandika neno la siri, na mwizi amelichukua. Hatua ya pili ni kadena ya pili: hata kama mwizi iko na neno la siri, Google anamuomba kitu kingine ambacho mwenye imeli peke yake iko nacho. Kwa telefone zetu zinazosema Kifaransa, kitu hicho kinaitwa `Validation en deux étapes`.

Kitu kile cha pili kinaweza kuwa cha namna nyingi, lakini kwetu zinatumika sana namna nne. Ya kwanza ni mesaji: Google anatuma kode ya tarakimu sita kwenye nimero yako. Ya pili ni ulizo linalotokea kwenye kioo cha telefone ambayo imeli imefunguliwa tayari: «ni wewe unayejaribu kuingia?», unabonyeza `Oui`. Ya tatu ni aplikasio `Google Authenticator`, inayoonyesha kode ya tarakimu sita inayobadilika kila sekonde 30. Ile haiombi rezo wala unite, kwa hiyo inasaidia kule kwenye karière ambako mesaji inafika kesho yake. Ya nne ni kode za akiba, ambazo kwenye kioo zinaitwa `Codes de secours`. Ni kode 10, kila moja ya tarakimu 8, na kila moja inatumika mara moja tu.

Sasa mutu ajiulize: kila namna inakaa wapi? Mesaji inakaa kwenye kadi ya SIM. Ulizo la `Oui` linakaa kwenye telefone. Aplikasio inakaa kwenye telefone. Namna tatu, lakini zote ziko ndani ya mufuko moya wa suruali. Telefone ikiibiwa kwenye basi ya kwenda posti ya usiku, au ikianguka kwenye maji, au ikiuzwa, zote tatu zinaenda pamoja. Ni ile ya nne tu, kode za akiba, inayoweza kukaa kwenye karatasi, mbali na telefone. Kwa hiyo mutu akisema «mimi nilitia ulinzi namna tatu, nimetulia», mimi namujibu: wewe uko na fungulo tatu kwenye kamba moja.

Kutia ulinzi wenyewe si kazi kubwa. Kwenye telefone ya Android unafungula `Paramètres`, kiisha `Google`, kiisha `Gérer votre compte Google`. Mutu wa ordinateri anaandika tu `myaccount.google.com`. Pale juu kuna sehemu mbalimbali, unasukuma mpaka kwenye ile yenye neno `Sécurité`. Mule utaona `Validation en deux étapes`. Ukibonyeza, Google anakuomba neno la siri tena, kiisha anakuongoza: nimero gani ya telefone, ndiyo, washa. Ulinzi ukiisha kuwaka, rudia ukurasa ule ule, shuka chini mpaka `Codes de secours`, na uombe kode zitengenezwe. Zinatokea kumi, zimegawanyika ine-ine, kwa mufano `1234 5678`. Pale Google anakupa njia ya kuzipakua kama fishie au kuziprinta. Mimi nasema: chukua kaye na biki, uziandike kwa mukono, na mwenzako asome kwa sauti akihakikisha tarakimu moja moja. Watu wengi wanaishia kwenye kuwasha ulinzi, wanafurahi, wanafunga telefone. Hawafiki kwenye ile mustari ya chini. Ni sawa na kufunga nyumba kwa kadena mupya na kuacha fungulo la pili ndani.

Nitaeleza yaliyopata delegasio moja ya huku kwetu upande wa Kolwezi, bila kutaja kampuni wala watu, maana aibu haijengi. Sekreteri wao alikuwa ameweka ulinzi wa hatua mbili kwenye imeli ya delegasio, na nimero iliyoandikwa ilikuwa yake mwenyewe, ya kadi ya zamani. Kiisha akahamia rezo ingine yenye mega za bei ndogo. Kadi ya zamani ikakaa kwenye droo miezi na miezi bila unite, mpaka ikafungwa. Imeli iliendelea kufunguka vizuri kwenye telefone yake kwa sababu siku ya kwanza Google alimuuliza kama amuulize tena kwenye telefone ile, na yeye akaacha alama kwenye `Ne plus me demander sur cet appareil`. Miezi yote ile hakuombwa kode hata mara moja. Akasahau kama kode zipo.

Siku ya posho, akanunua telefone mupya na kuuza ile ya zamani kwa fundi wa sokoni. Alifanya vizuri kitu kimoja: alifuta kila kitu kabla ya kuuza. Siku ya kwanza ya juma akaandika imeli na neno la siri kwenye telefone mupya. Neno likakubaliwa. Google akasema: tumetuma kode kwenye nimero inayoishia na tarakimu fulani. Ni ile nimero iliyokufa. Akabonyeza `Essayer une autre méthode`. Chaguo la pili likawa: fungula telefone yako ya zamani na bonyeza `Oui`. Telefone ile ilikuwa tayari mikononi mwa mutu mwingine, imefutwa. Chaguo la tatu: andika moja ya kode za akiba za tarakimu 8. Hawakuwahi kuzitoa. Chaguo la mwisho ni kuomba Google akuangalie kama wewe ni mwenye konti kweli. Pale unajibu maulizo na unangoja, na kungoja kunaweza kuchukua siku kadhaa, na jibu linaweza kuwa hapana. Hakuna biro ya Google hapa kwetu unakoweza kwenda na kitambulisho na kusema «bwana, mimi njo delege». Na mukutano wao na mwajiri mbele ya Ispekta ulikuwa siku ya ine ya juma ile ile.

Kilichowaokoa ni bahati. Trezorye alikuwa na ordinateri kwenye biro, na imeli ile ilikuwa ingali wazi mule ndani, na alama ya kutoulizwa tena ilikuwa imetiwa pia. Wakaingia kwenye `Sécurité`, Google akaomba neno la siri peke yake, hakuomba kode. Wakafungula `Codes de secours`, wakaandika kode kumi kwenye kaye. Kode moja wakaitumia kwenye telefone mupya ya sekreteri, imeli ikafunguka. Kiisha wakafuta nimero iliyokufa na kutia inayoishi. Kazi yote haikumaliza nusu saa. Lakini muone vizuri: kama mutu angelizima ordinateri ile na kutoka kwenye konti, au kama Google angeliomba hatua ya pili hata pale, kama vile anavyoweza kufanya akiona kitu hakimupendezi, hadisi ingekuwa ingine. Mambo ya watumishi mamia hayapaswi kutegemea ordinateri moya ambayo hakuna mutu aliyeikumbuka.

Mafunzo ninayotoa kwenye hadisi ile ni mbili. La kwanza: ulinzi unaweza kuwa umekufa na wewe hujui, kwa sababu telefone unayotumia kila siku haikuombi kode. Ukimya si dalili kama mambo ni mazuri. La pili: kuhamisha kadi ya SIM, au kuhamisha WhatsApp, si kuhamisha imeli. WhatsApp inafuata nimero. Ukitia kadi kwenye telefone mupya, mesaji zinaendelea. Lakini zile kode za `Google Authenticator` hazifuati kadi. Zinakaa kwenye telefone zilimotiwa, mpaka wewe uzihamishe.

Kwa hiyo, namna gani mutu abadilishe telefone bila kilio? Kanuni kubwa ni moja: telefone ya zamani ikae hai, mikononi mwako, mpaka mupya imehakikishwa. Usikubali ile biashara ya «nipe ya zamani na mia kidogo, chukua mupya sasa hivi». Chukua mupya, rudi nayo nyumbani, ufanye kazi jioni moja, kiisha upeleke ya zamani kesho yake. Fundi akikataa kungoja, kuna mafundi wengine.

Jioni ile, kitu cha kwanza ni kufungula `Codes de secours` ukiwa bado kwenye telefone ya zamani na kuangalia kama karatasi yako ingali na kode nzima. Kama hujui karatasi iko wapi, usihangaike kuitafuta: omba kode mupya kumi. Zile za zamani zinakufa pale pale, hata kama mutu alizipata. Kiisha angalia nimero ya telefone iliyoandikwa pale. Soma tarakimu zote, usiseme tu «ah, ni yangu». Kama ni ya kadi usiyotumia tena, badilisha sasa. Kadi isiyotiwa unite muda murefu inafungwa, na nimero inaweza kupewa mutu mwingine kabisa. Hapo kode za imeli ya sendika zinaanza kuingia kwenye telefone ya mutu usiyemujua.

Kitu cha pili ni kufungula imeli kwenye telefone mupya wakati ya zamani iko pembeni, ina moto kwenye bateri na rezo. Utaombwa kode au ulizo la `Oui`, na ya zamani itajibu. Kama unatumia `Google Authenticator`, fungula aplikasio ile kwenye ya zamani, chagua `Transférer des comptes`, kiisha `Exporter des comptes`. Itatokea picha ya mirabamiraba, na telefone mupya itaisoma kwa kamera yake kupitia `Importer des comptes`. Pale kuna mitego miwili. Mutego wa kwanza ni saa: kode zile zinahesabiwa kwa kufuata saa ya telefone, na kama telefone mupya imetiwa saa kwa mukono na inakosea dakika chache, kode zitakataliwa hata kama umeandika vizuri. Dawa yake ni kuwasha saa ya kujipanga yenyewe kwenye `Paramètres`. Mutego wa pili ni mugumu kidogo kuuona. Tangu 2023, aplikasio ile inaweza kutunza kode zake ndani ya konti ya Google. Ni jambo nzuri kwa konti zingine. Lakini kama kode za kufungula Gmail zimetunzwa ndani ya konti ile ile ya Gmail peke yake, fungulo la nyumba limefungiwa ndani ya nyumba. Karatasi inabaki lazima.

Kitu cha tatu ni kujaribu. Hapa njo watu wanaona uvivu, na hapa njo penye maana kubwa. Kwenye telefone mupya au kwenye ordinateri, fungula ukurasa wa siri wa Chrome, unaoitwa `navigation privée`. Mule Google hakukumbuki, anakuona kama mugeni. Andika imeli, andika neno la siri, na akikuomba kode, bonyeza `Essayer une autre méthode` na uchague kode ya akiba. Andika moja kutoka kwenye karatasi. Ikikubaliwa, umehakikisha vitu viwili kwa mara moja: kode ni za kweli, na mwandiko wako unasomeka, saba si moja na sita si sifuri. Kode ile piga mustari juu yake, imekwisha. Umebakia na tisa. Wengine watasema nimeharibu moja bure. Hapana. Moja iliyojaribiwa inakupa uhakika wa zile tisa, lakini kumi zisizojaribiwa ni karatasi tu.

Baada ya pale njo unarudi kwenye telefone ya zamani. Ondoa konti ya Google kwanza kwenye `Paramètres`, kiisha futa kila kitu. Mupango ule una sababu: telefone nyingi za Android zikifutwa kwa njia ya mabatoni bila konti kuondolewa, zikiwaka zinaomba konti ya mwenyewe wa zamani, na mununuzi atarudi kwako na kelele, akikuomba neno la siri. Usimupe. Mwishoni, kwenye ukurasa wa `Sécurité`, angalia liste ya `Vos appareils`. Telefone ya zamani ikionekana bado, ibonyeze na uchague `Se déconnecter`. Angalia pia kama kuna chombo usichokijua, ordinateri ya siber kafe ya mwaka jana kwa mufano. Ile pia itoke.

Sasa karatasi yenyewe. Pale njo mabishano yanakuwa makali kwenye mikutano yetu. Vijana wanasema: «Viye, karatasi ni mambo ya zamani, piga foto.» Mimi nakataa foto. Foto inakaa kwenye telefone, na telefone njo kitu tunachoogopa kupoteza. Na kama foto zinapanda zenyewe kwenye konti ya Google, zimerudi tena ndani ya nyumba ile iliyofungwa. Kutuma kode kwenye grupe ya WhatsApp ya kamati ni mubaya zaidi, maana grupe ile iko kwenye telefone kumi na tano, na hatujui nani anaonyesha nani. Kuziandika kwenye bruyo ya imeli ile ile, hata sitaki kueleza.

Kwa delegasio, napendekeza hivi. Kode kumi zigawanywe mara mbili: tano kwenye karatasi moja, tano kwenye karatasi ingine. Zisiandikwe mara mbili, kwa sababu mutu akitumia kode upande moya, upande mwingine hautajua kama imekufa, na siku ya haraka utaandika kode zilizokwisha moja moja mpaka jasho likutoke. Kila karatasi itiwe kwenye anvelopi, anvelopi kwenye sashe ya plastiki juu ya mvua na muchwa. Moja ikae kwa trezorye, kwenye kese ya feza ya mutuelle. Ya pili ikae kwa prezida, nyumbani kwake. Tumia biki, si krayo. Juu ya karatasi kusiandikwe anwani ya imeli wala neno la siri; iandikwe tu tarehe na hesabu ya kode. Mwizi akivunja kese na kuokota karatasi ile, iko na tarakimu tupu: bila neno la siri hazifunguli kitu. Na pale anvelopi imefungwa, watu wawili watie sinyatire, nusu kwenye kifuniko, nusu kwenye anvelopi. Kila mutu atakayeifungula ataonekana. Ukikuta imefunguliwa na hakuna anayejua sababu, usiulize mingi: ingia, omba kode mupya kumi, za zamani zinakufa, kiisha njo mufanye uchunguzi.

Kuna kitu kingine lazima watu wakishike kichwani. Kode ya akiba, au kode ya mesaji, inaandikwa mahali pamoja tu: kwenye ukurasa wa kuingia, wakati wewe mwenyewe umeanza kuingia. Mutu akikupigia na kusema yeye ni wa Google, au wa rezo, au hata wa sendika ya taifa, na anaomba umusomee kode iliyofika sasa hivi, ujue huenda iko na neno la siri tayari mukononi, amebakiza hatua moja, na hatua ile ni wewe. Kata telefone. Kiisha ubadilishe neno la siri siku ile ile, kwa sababu huenda analo tayari.

Nimesikia watu wakinijibu: «Delege, unatuongezea muzigo. Tuondoe tu ulinzi ule, tubaki na neno la siri, tutapumua.» Ninaelewa. Mutu anatoka posti ya usiku, hana nguvu za kuhesabu tarakimu. Lakini wanaosema vile wanafikiria siku wanafungiwa inje, hawafikirii siku mutu mwingine anaingia ndani. Ukifungiwa inje unapoteza siku. Mutu akiingia ndani na kusoma majina ya waliolalamika, kuna mutumishi atapoteza kazi, na hatutajua hata ilitokea wapi. Katika mambo mawili yale, la pili halirudishwi. Na muzigo tunaouzungumuza ni jioni moja wakati wa kubadilisha telefone, na karatasi mbili.

Kuna tena jambo ambalo kwa macho yangu ni la kisendika kabisa. Uchaguzi wa delege ukipita, kamati mupya inapokea mhuri, kaye za prosevebali na kese. Tunafanya remize-reprize mbele ya watu, kila mutu anatia sinyatire. Imeli haimo kwenye liste ile. Matokeo yake, delege wa zamani iko na nimero yake kwenye imeli ya sendika miaka baadaye; kode zinaendelea kufika kwake. Hata kama ni mutu mwema, si sawa. Na kama ameondoka na hasira, au ameajiriwa upande wa pili wa meza, ni hatari tupu. Imeli ya delegasio ni mali ya wanamemba kama kese ilivyo mali yao, na nimero iliyoandikwa mule isiwe ya mutu binafsi. Kamati inunue kadi yake ya SIM, iandikishwe kwa njia inayojulikana, itiwe unite kila mwezi kutoka kwenye kotizasio, na ikae kwenye telefone ndogo ya biro.

Na kwenye remize-reprize tuongeze mistari ine. Neno la siri libadilishwe siku ile ile. Nimero na imeli ya kusaidia za kamati ya zamani zifutwe, zitiwe za mupya. Vyombo vyote vya zamani vitolewe kwenye `Vos appareils`. Kode za akiba zitengenezwe upya, zigawanywe tano-tano, na anvelopi mbili zifungwe mbele ya wote. Kiisha Google anaweza bado, kwa muda wa juma moja, kukubali ile imeli ya kusaidia ya zamani, kwa hiyo kamati mupya iangalie mara ingine siku nane baadaye kama hakuna mutu aliyejaribu kurudi.

Napendekeza kila delegasio, kutoka Likasi mpaka Fungurume na Kolwezi, itie jambo hili kwenye ajanda ya mukutano unaokuja, kabla gratifikasio haijaingia na kabla maduka ya telefone hayajajaa. Ulizo la kuuliza ni moja, na lijibiwe kwa vitendo, si kwa mudomo: telefone ya sekreteri ikizimwa sasa hivi na kuwekwa juu ya meza, kamati inaweza kufungula imeli kwenye telefone ya mutu mwingine kwa dakika kumi? Kama jibu ni ndiyo, muendelee na mambo mengine ya mukutano. Kama jibu ni hapana, mutoe kaye na biki pale pale.